Wimbo Uliofungwa Fundo

Sanduku la Mama Hawa lilikuwa la bati, rangi yake ya kijani imechunika, na kufuli lake lilishavunjika zamani. Mwizi angelifungua kwa ukucha. Lakini mwizi gani angehangaika na vipande vya kitambaa vilivyofungwa mafundo? Vilikuwa arobaini na vitatu, virefu kama kiganja, vingine vyekundu, vingine vya maua, vingine vimekwisha rangi kabisa. Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, kulikuwa na wafanyabiashara wenye maghala ya mchele na pamba waliolala na wasiwasi. Mama Hawa alilala usingizi mnono juu ya mkeka, sanduku lake la matambara miguuni.

Kila fundo lilikuwa wimbo, na kila wimbo ulikuwa wa nyumba moja. Desturi ya waimbaji wanawake wa mji ule ilikuwa hivi: familia ikiozesha, humwita mwimbaji na kumweleza habari zao, nani kazaliwa lini, nani kavuka mto kutoka Nyangwe na mtumbwi mmoja na mbuzi wawili. Mwimbaji hutunga. Siku ya arusi wimbo huimbwa kwa mara ya kwanza, na mama wa bibi arusi huleta kitambaa kipya. Hukatwa kipande, kipande huchanwa katikati, na kila nusu hufungwa fundo. Nusu moja hukaa kwa familia, nusu kwa mwimbaji. Tangu hapo wimbo hauimbwi mahali pengine popote. Ila mtoto akizaliwa, au akitahiriwa, au mzee wa nyumba ile akirudi salama kutoka safari, familia hutuma nusu yake ya fundo kwa mwimbaji, naye huenda. Hulishwa, huvikwa, hulipwa. Akifa, fundo hurithiwa na mwanafunzi wake.

Kwa hiyo wimbo mmoja uliweza kumlisha mwimbaji miaka ishirini. Watu waliomwona Mama Hawa akicheka na pengo lake la meno mawili walidhani anaishi kwa bahati. Bahati gani! Mwanamke yule alikuwa na akili ya kushinda makarani wote wa pamba ukiwaweka pamoja. Na kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hauna arusi, na mwimbaji naye ana tumbo kama watu wengine, alidarizi kofia. Ramadhani nzima alikaa barazani akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi, na ilipofika Idi hapakuwa na mwanamume mwenye kujiheshimu aliyetaka kwenda msikitini na kofia ya mwaka jana.

Faida alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, ameachwa na mume, ana binti wawili wadogo, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. Hilo lisemwe waziwazi, bila unyenyekevu wa uongo. Mama Hawa mwenyewe alisema sauti yake ni jembe zuri, lakini ya Faida ni mvua. Tatizo ni kwamba Faida hakuwa na sanduku. Alikuwa na mafundo matatu tu, maana familia kubwa zilimtaka mwalimu, naye alibaki mwitikiaji. Kaka yake Yakubu, mchuuzi wa samaki wa Nyangwe, alikuwa amemtumia neno kwa mtu wa mtumbwi: kama ikifika Idi hajaweza kulipa nyumba na kulisha watoto kwa mikono yake, arudi Nyangwe. Kulikuwa na mzee mwenye wake wawili aliyekuwa akiuliza habari zake. Yakubu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka, na kaka mwenye wasiwasi ana kelele.

Basi ikawa mwezi wa Shaabani wa mwaka wa hamsini na tatu, watu wanakimbizana kuozesha kabla ya mfungo. Mama Hawa alishikwa na kikohozi. Mama Mwanvua, mjane mlima mpunga aliyekaa upande wa chini wa mji, alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa Kabambare, akaja kuomba wimbo. Mama Hawa akamwonyesha Faida kwa kidole.

"Huyu njo atakutungia," alisema, kwa Kiswahili cha kule ambacho husema "njo" kwa "ndiye". "Mimi kifua yangu iko na vyura."

Faida akaenda kukaa na Mwanvua siku tatu, akimsaidia kupepeta mchele huku akimsikiliza. Siku ya tatu Mwanvua akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba yake. Kabla ya binti huyu alizika watoto watatu, na hata majina yao hakuyataja tena, aliogopa kumwita huyu wa nne njia ileile. Sasa binti anatoka nyumbani akiwa mzima, anaolewa. "Nataka wasikie," alisema Mwanvua. "Wale watatu. Nataka wajue dada yao ameolewa."

Wimbo alioutunga Faida uliwaita wale watoto watatu kwa majina, mmoja mmoja, waje wamsindikize dada yao mpaka mlango wa mume, kisha warudi wakalale. Siku ya arusi ua mzima ulinyamaza. Hata wapishi waliacha vyungu. Mwanvua alisimama katikati ya wanawake, akayatamka yale majina matatu pamoja na mwimbaji, kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane. Kisha ndipo vigelegele vikapasuka.

Kitambaa tu ndicho kilichokosekana. Mchele wa Mwanvua ulikuwa haujanunuliwa, na mkononi hakuwa na kitu. Aliomba apewe wiki mbili, na Faida akakubali bila shida.

Sasa, nje ya ua ule, nyuma ya ukuta wa matete, alikuwa amesimama mzungu.

Alikuwa anapita na lori lenye mashine ya kunasa sauti, akienda Kabambare na kwenye machimbo ya dhahabu kutafuta nyimbo za kutia kwenye sahani za santuri. Pamoja naye alikuwapo Emile, kijana wa watu wa Kasongo, mtoto wa wakulima Wakristo, aliyekwenda kufanya kazi Léopoldville na kurudi na viatu vya rangi mbili. Emile ndiye aliyekuja kwa Faida kesho yake, amevua kofia kwa heshima.

"Mama, ule muzungu amesikia wimbo yako ya jana," alisema. "Hakulala. Anataka ile, ile yenyewe, ya majina. Sasa tunaenda Kabambare, tutarudi nyuma ya siku kumi na mbili. Utaimba mbele ya mashini. Nusu ya pesa njo hii, nusu ukimaliza."

Pesa ile ilikuwa nyingi. Nusu yake peke yake ilimaliza deni la kodi ya nyumba ya miezi iliyopita, na kwa kilichobaki Faida alinunua jora la kitambaa cheupe na mabunda ya uzi, adarizi kofia za Idi kwa hesabu yake mwenyewe badala ya kumshonea mwalimu. Kwa siku mbili alitembea kama mtu aliyeota mabawa. Jina lake lingeandikwa kwenye sahani! Ingechezwa Kindu, Stanleyville, Léopoldville! Na Yakubu angesikia sauti ya dada yake ikitoka dukani, samaki wamponyoke mikononi.

Siku ya tatu ndipo akamweleza Mama Hawa. Alikuwa ameshajiandaa kwa ugomvi, na hoja yake aliinoa kama kisu.

"Fundo haijafungwa," alisema Faida. "Weye mwenyewe ulinifundisha: wimbo haijafungwa fundo iko ya mwimbaji. Mama Mwanvua hajaleta kitambaa. Kwa hiyo iko yangu, naweza kuuza."

Mama Hawa alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alilamba ncha, akaikosa, akalamba tena.

"Kweli," alisema. "Sheria iko vile. Iko yako mupaka fundo."

Faida akangoja. Hakuna kilichofuata. Mtu akijiandaa kusukuma mlango kwa nguvu halafu akaukuta wazi, huanguka ndani. Faida naye akaanguka hivyo, akaanza kujieleza ilhali hakuna aliyemwuliza: kwamba mafundo matatu hayalishi mtu, kwamba yeye si kama Mama Hawa, kwamba kaka yake anangoja Idi, kwamba mzungu analipa mara moja pesa ambayo nyumba moja hailipi kwa miaka mitano.

"Mara moja," alisema Mama Hawa.

"Ndiyo, mara moja, pesa mukononi!"

"Nasikia. Mara moja." Akaliburuta sanduku, akalifungua. Hakuhubiri. Alichukua tu fundo moja jekundu akaliweka juu ya goti la Faida. "Hii ilitia bati juu ya nyumba yangu. Watoto saba walizaliwa kwao, mara saba waliniita." Akachukua la pili, lililochakaa. "Hii haina pesa, ni watu masikini. Lakini mwaka nzige walikula mashamba, wao njo walinitumia muhogo." Akachukua la tatu. "Hii walinikasirikia miaka tisa, sijui kwa nini. Mwaka wa kumi wakatuma fundo. Nikaenda. Chovya chovya humaliza buyu la asali, mwanangu. Mimi sikutaka buyu. Nilitaka nyuki."

Kisha akafunga sanduku na kurudi kwenye sindano yake. "Mashini haiko mubaya," aliongeza. "Uza. Lakini ujue unauza nini."

Faida aliondoka amekasirika, maana hakuna kinachoudhi kama mtu mzima kukuacha huru. Alidarizi usiku na mchana, alijaribu kuufupisha wimbo, kwani Emile alimwambia sahani inabeba dakika tatu tu kila upande, na wimbo wa Mwanvua ulichukua karibu nusu saa. Alipokata hapa, ukavuja pale. Mwishowe alibakiza sehemu moja tu iliyokaa vizuri katika dakika tatu, nayo ilikuwa ile ya majina. Bila yale majina haukuwa wimbo hata kidogo.

Lori likarudi siku iliyosemwa. Mzungu akapanga kunasa sauti kesho asubuhi, katika ghala tupu la pamba. Na alasiri ileile, jua likiwa bado kali, Faida anadarizi barazani, akaona mtu anapanda njia kutoka upande wa chini wa mji. Alikuwa Mama Mwanvua. Alivaa nguo yake ya arusi ya binti, na mikononi alibeba kitambaa kipya cha manjano chenye ndege wa buluu, kimekunjwa mara nne.

"Mutusamehe kwa kuchelewa," alisema kabla hajaketi. "Muchele umenunuliwa jana tu. Nikasema, kabla sijanunua hata chumvi, nimalize ya fundo."

Faida alikishika kitambaa. Kilikuwa kizuri kuliko cha nyumba nyingi za matajiri. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema anaumwa, kitambaa kingoje mpaka kesho jioni. Alifikiri mambo hayo yote, tusimsingizie utakatifu. Lakini Mwanvua alikuwa anamtazama kwa furaha ya mtu anayelipa deni lake, na ulimi wa Faida ukamsaliti.

Akasema yote: mzungu, mashine, nusu ya pesa, kesho asubuhi. Akamweleza kuhusu fundo ambalo halijafungwa, na hoja yake iliyonolewa sasa ilikuwa butu kabisa.

Mwanvua hakupiga kelele. Aliuliza, "Ile sahani itachezwa wapi?"

"Popote. Madukani. Kwa watu wenye santuri."

"Na kwa bar?"

"Na kwa bar," alisema Faida.

"Wale watatu wataitwa kwa bar." Mwanvua aliyasema maneno hayo taratibu, kama anayeonja chakula asichokijua. "Wataitwa, na mutu iko na pombe mukononi. Watakuja, Faida. Ukiwaita wanakuja. Sasa nani atawaambia warudi wakalale?"

Sehemu ya kuwarudisha kulala ndiyo aliyoikata Faida ili wimbo uingie katika dakika tatu.

Mwanvua akasimama. "Uko na watoto, najua. Kama njaa njo inakusukuma, imba. Mimi sitakulaani, na sitasema neno kwa mutu." Faida akamrudishia kitambaa, lakini yule mama akakisukuma nyuma kwa mkono wazi. "Hapana. Ulifanya kazi, na kazi iko na malipo. Kiko chako."

Akateremka njia bila kugeuka. Na Faida akabaki na kile kitambaa mapajani, amelipwa na mtu aliyejua kuwa anauzwa. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alifahamu wakati ule, si kwa kufundishwa bali kwa kuhisi uzito wake, kile alichokuwa nacho Mama Hawa ndani ya sanduku la bati. Zile hazikuwa pesa zilizosubiri kuchukuliwa. Zilikuwa nyumba arobaini na tatu zilizomkabidhi mambo yao ya ndani, zikalala bila hofu.

Akauma upindo wa kitambaa kwa meno, akachana kipande, akakichana tena katikati. Akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili. Kisha akakimbia kwa miguu mitupu mpaka chini ya mji, akamkuta Mwanvua akiingia uani, akamtia nusu yake kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake. Walilia kidogo, kisha Mwanvua akamfungia mchele.

Sasa aliingia jioni ile akiwa na fundo la nne, na matatizo makubwa kuliko asubuhi. Nusu ya pesa ilikuwa imeshakuwa deni lililolipwa, kitambaa cheupe na uzi. Kama mzungu angeidai, angechukua kofia zote za Idi, na bila kofia hakuna kodi, na bila kodi kuna Nyangwe na mzee mwenye wake wawili. Alikwenda kwa Mama Hawa akamwambia yote. Mama Hawa alikohoa.

"Kesho nakwenda na weye," alisema. "Vyura au bila vyura."

Ghala la pamba lilikuwa limetundikwa mablanketi kutani ili sauti isirudi. Injini ya umeme waliipeleka mbali, nyuma ya miti, isisikike. Kipaza sauti kilisimama katikati juu ya mguu mmoja, na mzungu alikaa nyuma ya mashine yake, vibati vya masikio kichwani, jasho linamtoka. Faida akamwambia Emile kwamba ule wimbo wa majina hauko tena. Umefungwa.

Emile alitafsiri. Mzungu alivua vibati vya masikio. Alisema maneno mengi ya Kifaransa, na Emile akayafupisha kwa adabu: "Anasema basi pesa irudi."

"Pesa iko kwa kofia," alisema Faida. "Mwambie nitampa wimbo ingine."

"Wimbo gani?"

Na hapo Faida alikwama, maana hakuwa na wimbo. Nyimbo zake zote tatu nyingine zilikuwa za watu. Za Mama Hawa zote arobaini na tatu zilikuwa za watu. Mwimbaji bora kuliko wote wa Kasongo na mwanafunzi wake walisimama mbele ya mashine wakiwa na nyimbo tele kifuani na hawana hata moja ya kuuza. Mzungu alianza kukunja nyaya.

Faida akatazama chini. Kikapuni mwake kulikuwa na kofia saba alizokuja nazo, awauzie watu wa lori kama watapenda. Ndipo alipokumbuka wimbo ambao hawakuwahi kuuhesabu kuwa wimbo. Siku za soko, yeye na Mama Hawa walipopanga kofia juu ya mkeka, waliimba kuita wateja. Kila wiki waliongeza ubeti, wakawatania wanaume wapitao. Haukuwa na nyumba wala fundo. Ulikuwa wa soko, na soko ni la kila mtu.

Akachukua kofia moja, akamvika Emile kichwani, akaanza kupiga makofi.

*Kofia, kofia, kichwa bila weye iko boga shambani,*
*Boga halisalimiwi, linapitwa tu njiani!*

Mama Hawa, vyura na vyote, akaitikia. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama mlango, na ilipendeza mno. Dereva wa lori alicheka. Emile, mwenye viatu vya rangi mbili, akasahau kuwa yeye ni mtu wa Léopoldville, akaanza kuzungusha mabega. Faida akaimba juu ya mzee anayelala na kofia mke asije akaiuza, juu ya kijana aliyeposa akakataliwa, akanunua kofia, akapokewa. Mzungu alisimama na waya mkononi. Kisha akaketi, akavaa vibati vyake vya masikio, akainua kidole kuwa waanze upya.

Walirudia mara mbili. Mara ya tatu taa ndogo nyekundu ikawaka. Faida alikuwa amepewa dakika tatu, na alipobakiwa na pumzi ya ubeti mmoja, akatunga palepale, bila kumtazama mtu:

*Ukiniuliza jina, mimi Faida fundi,*
*Kasongo nyuma ya msikiti, nyumba ya tatu, piga hodi!*

Taa ikazimika. Kisha Mama Hawa akaangua kicheko kilichogeuka kikohozi, na kikohozi kikageuka machozi.

Emile alimpa nusu ya pili ya pesa na karatasi ya kutia kidole gumba. Lakini kabla Faida hajatia, alimvuta kando. Alikuwa kijana mwema. "Mama, nikuambie ukweli. Ukitia kidole, ile wimbo iko yake kabisa. Atauza sahani mia, atauza elfu, weye hautapata hata uzi. Wenzako wengi wanalia nyuma."

"Najua," alisema Faida. "Anauza sahani. Mimi nauza kofia."

Mama Hawa alimtazama mwanafunzi wake wakati huo kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia mtu. Alingoja mpaka walipofika barazani. "Miaka arobaini niliimba ile kitu sokoni," alisema, "na haikunipita kichwani hata siku moja kwamba soko inaweza kubebwa na lori." Kumsifu mtu usoni haikuwa tabia yake, na Faida aliyabeba maneno hayo mwezi mzima wa Ramadhani kama mtu aliyebeba yai.

Idi ikaja, kofia zikaisha, kodi ikalipwa. Yakubu alikuja mwenyewe kutoka Nyangwe kumchukua dada yake. Akakuta nyumba imepakwa chokaa na watoto wana nguo mpya, akakosa la kulalamikia, akanunua kofia. Alilipa bei kamili. Faida hakumpunguzia hata senti, na hilo lilimpendeza Yakubu kuliko jambo lolote.

Sahani zilikwenda Ulaya kutengenezwa, na zilichukua miezi. Zilirudi kwa meli, kwa treni, zikavuka Lualaba kwenye kivuko, zikafika madukani mwaka uliofuata. Kabla Faida hajasikia sauti yake ikitoka kwenye santuri, alisikia hodi. Mtu wa Kibombo. Baadaye wachimbaji wawili wa dhahabu kutoka Salamabila, waliotaka kofia kumi na mbili za timu nzima. Baadaye barua kutoka Kindu, imeandikwa juu yake: *Kwa Faida fundi, nyuma ya msikiti, nyumba ya tatu, Kasongo.* Mbeba barua alikuwa akiimba anwani ile njia nzima. Ikabidi Faida atafute wanawake wanne wa kudarizi pamoja naye, na baraza ikawa ndogo. Mzungu hakutuma hata uzi, kama Emile alivyosema, wala Faida hakumtarajia.

Asubuhi moja, wanawake watano wakiwa barazani pamoja na Mama Hawa, aliyekuwa amehamia kwa Faida, santuri ya jirani inapiga wimbo wa kofia kwa mara ya mia, akafika mwendesha baiskeli kutoka Kabambare, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakutaka kofia. Aliufungua mkono wake, na ndani mlikuwa na kipande cha manjano, chenye bawa la ndege wa buluu, kimefungwa fundo.

"Mama Mwanvua iko kule na binti yake," alisema. "Mutoto amezaliwa. Mwanamume. Wanasema uje na wimbo yao."

Jirani, mwenye santuri, alikuwa amesimama ukutani akisikiliza. "Wimbo gani hiyo?" aliuliza. "Iko kwa sahani? Nataka kuinunua."

"Haiko kwa sahani," alisema Mama Hawa, na akanyanyuka kwa shida, akaingia ndani. Alitoka akiburuta sanduku la bati la kijani, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Faida, na mafundo yake yote arobaini na matatu ndani. "Kifua yangu haifiki Kabambare tena," alisema. "Tia na lako humu. Ukirudi, twende ukajifunze nyumba za watu, moja moja, nikiwa bado nakumbuka njia."

Faida alitoa nusu yake ya manjano kutoka kwenye upindo wa nguo, akaiweka juu ya zile nyingine. Kisha akajifunga kitenge, akampa mwenzake sindano, akapanda nyuma ya baiskeli. Njia nzima ya Kabambare aliurudia wimbo kimya moyoni, wote, nusu saa nzima, mpaka mahali pale ambapo wale watoto watatu wanaambiwa: mmeshaona, amefika salama, sasa rudini mkalale.